Ulipolipia Ndipo pa Kusitishia

Ukifuta programu kwenye simu, malipo yake hayafutiki pamoja nayo. Ikoni imeondoka na nafasi imepatikana, lakini makubaliano ya kukatwa pesa kila mwezi hayakuwa ndani ya simu. Yako kwenye kumbukumbu za yule anayekukata. Mwezi ukigeuka anakata tena, na asubuhi unakuta ujumbe wa benki au wa M-Pesa kwamba dola kadhaa zimekwenda kulipia kitu ambacho hata jina lake umeshalisahau. Hapo unaipakua programu upya, unaingia, unapekua menyu moja baada ya nyingine ukitafuta neno "Cancel", na hulioni.

Kuna sababu mbili za kutoliona, na kila moja ina njia yake. Huenda kitufe kipo ila kimesukumwa pembeni, mahali ambapo mtu mwenye haraka hatafika. Au huenda ndani ya programu hakipo kabisa, kwa kuwa malipo yako hayakupitia humo. Anayeichanganya sababu hii na ile anaweza kupoteza jioni nzima akigusa menyu ambazo hata kwa bahati haziwezi kumpa anachotaka. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kabla ya kutafuta kitufe, mtafute anayekata pesa.

Huyo huwa ni mmoja kati ya wachache. Anaweza kuwa Google, kama ulijiunga kwa kugusa kitufe cha kununua ndani ya programu ya Android na malipo yakapita Play Store. Anaweza kuwa Apple, kama ulifanya hivyo kwenye aifoni. Anaweza kuwa kampuni yenyewe yenye huduma, kama uliandika namba za kadi kwenye tovuti yake. Na anaweza kuwa mtu wa kati, kama PayPal au kampuni ya simu iliyokuunganishia huduma kwenye kifurushi chake. Pale palipopokea pesa ndipo penye uwezo wa kuacha kuipokea. Google haiwezi kusitisha malipo ambayo haijawahi kuyaona, na kampuni ya programu kwa kawaida haiwezi kuyasitisha yanayokatwa na Apple. Kila upande utakuambia uende upande wa pili, na mara nyingi unasema kweli.

Ushahidi wa nani anakata unao mwenyewe tayari. Fungua taarifa ya kadi au ujumbe wa makato, usome jina la aliyelipwa herufi kwa herufi. Makato ya Apple huandikwa APPLE.COM/BILL. Ya Google huanza na GOOGLE * kisha jina la programu au la mtengenezaji wake. Yakipitia PayPal, huanza na PAYPAL *. Ukiona jina la kampuni yenyewe, au jina lisilofanana na chochote unachokifahamu, jua kwamba ulilipa kwenye tovuti. Ushahidi wa pili uko kwenye barua pepe. Andika kwenye sehemu ya kutafutia maneno kama receipt, invoice, subscription au renewal, ukianza na tarehe ya makato ya kwanza kabisa. Usiitazame nembo iliyo ndani ya barua, tazama anwani ya aliyeituma. Risiti ya Google Play hutoka Google hata kama inahusu programu ya mazoezi ya viungo, na risiti iliyotoka kwa kampuni yenyewe inakuelekeza kwenye tovuti ya kampuni hiyo.

Ikiwa ni Google au Apple, kazi ni fupi. Kwenye Android fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia "Payments & subscriptions", kisha "Subscriptions", chagua huduma, gusa "Cancel subscription". Kwenye aifoni fungua "Settings", gusa jina lako juu kabisa, kisha "Subscriptions". Orodha ikiwa tupu na risiti inasema pesa ilipita hapo, karibu kila mara tatizo ni akaunti. Watu wengi wana anwani mbili au tatu za Gmail kwenye simu moja, na Play Store inaonyesha usajili wa ile iliyofunguliwa wakati huo tu. Gusa picha yako, badilisha akaunti, uangalie tena. Apple inashauri usitishe angalau saa 24 kabla ya siku ya kukatwa, hasa ukiwa kwenye majaribio ya bure, kwa hiyo usingoje usiku wa mwisho.

Sehemu inayosumbua kweli ni ya tovuti, na inafaa kwanza kujua kwa nini ipo.

Apple na Google huchukua sehemu ya kila malipo yanayopita kwenye maduka yao. Kwa miaka mingi kiwango kilichojulikana kilikuwa asilimia 30, ingawa siku hizi kuna viwango vya chini kwa usajili na kwa kampuni ndogo. Kampuni kubwa ziliona hizo ni pesa nyingi mno. Spotify iliacha kupokea wateja wapya wa kulipia kupitia Apple mwaka 2016, na Netflix ikafanya hivyo mwishoni mwa 2018. Tangu hapo mteja mpya wa aifoni hulipia kwenye tovuti, na mambo ya malipo yote yakahamia huko. Apple nayo kwa muda mrefu ilizikataza programu za aina hiyo zisiweke hata kiungo cha kumpeleka mteja kwenye ukurasa wa malipo wa nje. Hivyo mteja alijikuta ndani ya programu inayomweleza kwamba hawezi kubadilisha mpango wake hapo, bila kumwambia aende wapi. Sheria hizo zimelegezwa katika baadhi ya nchi, Marekani ikiwemo baada ya uamuzi wa mahakama wa Aprili 2025, lakini mazoea ya kuweka malipo mbali na programu yamebaki.

Kwa Spotify na Netflix wenyewe njia si ngumu ukishajua kwamba iko nje. Fungua kivinjari, andika spotify.com/account, ingia, tafuta sehemu ya kusimamia mpango wako, na humo utaona njia ya kusitisha Premium. Akaunti inabaki, inarudi tu kuwa ya bure muda uliolipia ukiisha. Kwa Netflix andika netflix.com/cancelplan na ugonge "Finish Cancellation". Kama uliunganishiwa na kampuni nyingine, ukurasa wenyewe utaonyesha kwamba malipo yako yanasimamiwa kwingine.

Wanaoumia zaidi ni wale waliofikia programu kupitia tangazo, na mfano mmoja utalionyesha jambo hili vizuri. Tumchukulie muuguzi wa Mwanza anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza. Usiku mmoja anatazama Instagram, linapita tangazo la programu ya kujifunza lugha. Analigusa. Halimpeleki Play Store, linamfungulia ukurasa wenye maswali: una umri gani, unataka kujifunza kwa ajili ya kazi au safari, una dakika ngapi kwa siku. Swali la mwisho linaomba barua pepe ili apate mpango wake. Kisha inatokea bei, wiki ya kwanza kwa dola 6.99, na saa inayohesabu sekunde kurudi nyuma. Anaingiza namba za kadi ya Visa ya mtandaoni iliyounganishwa na M-Pesa yake, analipa, halafu ndipo anaambiwa aipakue programu.

Angalia kilichotokea. Programu ameipata Play Store, ni ya kweli, inafanya kazi. Lakini pesa haikupita Play Store hata shilingi. Chini ya kitufe cha kulipia, kwa maandishi madogo ya kijivu, paliandikwa kwamba wiki ya kwanza ikiisha atakatwa dola 39.99 kila wiki 4. Msomaji wa haraka husoma "kila mwezi", lakini wiki 4 si mwezi. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo makato ni 13, jumla dola 519.87. Mwezi mmoja katika mwaka atakatwa mara mbili, na atadhani ni kosa la benki.

Siku ya tisa anaona makato ya dola 39.99. Anaenda Play Store, orodha ya usajili ni tupu. Anaingia kwenye programu, anagusa picha yake, anaona "Profile", "Notifications", "Language", "Help". Hakuna malipo popote. Anaifuta programu kwa hasira, na hapo anajiondolea njia yake nyepesi ya kujua ni akaunti gani aliyokuwa akiitumia.

Anachopaswa kufanya kinaanzia kwenye barua pepe. Anatafuta risiti ya siku ile alipolipa. Akiipata, anaisoma hadi chini, kwa sababu kiungo cha kusimamia usajili mara nyingi huwekwa kwenye mstari wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo zaidi ya nyingine zote, chini ya anwani ya kampuni. Huenda risiti imetumwa na kampuni ya kukusanya malipo badala ya yule mwenye programu. Mfano ni Paddle, ambayo makato yake huonekana kwa PADDLE.NET* na jina la huduma. Hapo anaweza kwenda moja kwa moja paddle.net, akaingiza maelezo ya ununuzi wake na kuupata usajili bila kupitia kwa mwenye programu.

Asipoiona risiti, ukurasa wa programu kwenye Play Store unasaidia hata kama malipo hayakupita hapo. Kuna sehemu inayoitwa "App support", na ukiifungua unakuta tovuti ya mtengenezaji na barua pepe yake ya msaada. Kwenye App Store viungo vya namna hiyo viko chini ya ukurasa. Hii ndiyo njia salama ya kupata anwani. Kuandika kwenye Google jina la programu pamoja na "customer care number" ni hatari, kwa sababu matapeli huweka namba zao huko wakijua kwamba anayetafuta ana haraka na ameshakasirika. Anayekupokea kwenye namba ya namna hiyo ataomba namba kamili ya kadi na zile tarakimu 3 za nyuma ili "akurudishie pesa". Kusitisha usajili hakuhitaji tarakimu hizo hata siku moja.

Muuguzi wetu sasa ana anwani ya tovuti. Anagusa kiungo, na simu badala ya kufungua kivinjari inamrudisha Play Store au ndani ya programu ileile. Hii si hila peke yake. Simu za kisasa zimeundwa hivyo, kwamba kiungo cha tovuti yenye programu yake kifungukie kwenye programu. Lakini kwa anayetafuta ukurasa wa malipo ni ukuta. Kuupita ni rahisi. Asigonge kiungo, akibonyeze kwa muda mpaka menyu itokee, achague kukifungua kwenye kichupo kipya cha faragha, kile Chrome inachokiita "Incognito". Au aandike anwani mwenyewe kwa mkono kwenye mstari wa juu wa kivinjari. Ikiwa ukurasa unafunguka lakini unamsihi tu apakue programu, agonge nukta tatu za Chrome na achague "Desktop site". Mara nyingi menyu nzima ya akaunti hutokea pale ambapo mwanzoni palikuwa na tangazo moja tu la kupakua. Kwenye Safari ya aifoni jambo hilo linaitwa "Request Desktop Website". Mwenye kompyuta, hata ya kazini au ya duka la intaneti, asihangaike na haya. Aingie kwa kompyuta, na akimaliza aondoke kwenye akaunti yake.

Halafu unakuja mtego ambao kwa maoni yangu ndio unaowarudisha watu wengi nyumbani wakiamini hakuna usajili wowote. Ukurasa wa kuingia unaonyesha njia tatu: kuendelea kwa Google, kuendelea kwa Apple, au kuandika barua pepe. Muuguzi anagusa Google kwa sababu ndiyo nyepesi. Tovuti haimjui kwa njia hiyo, kwa hiyo inamfungulia akaunti mpya palepale, tupu, iliyoandikwa "Free plan". Anatazama, haoni usajili, haoni kadi, anashusha pumzi. Baada ya wiki 4 anakatwa tena.

Alikuwa na akaunti mbili. Ile inayolipiwa ilifunguliwa siku ya maswali kwa barua pepe aliyoiandika kwa mkono, na neno la siri hakuwahi kuliweka. Dalili ya kuwa uko kwenye akaunti isiyo yako ya kulipia ni hiyo hiyo: haina historia, haina masomo uliyoyafanya, haina jina la kadi. Ukiona hivyo, toka, rudi kwenye ukurasa wa kuingia, andika barua pepe uliyoitumia siku ya kulipa, na uguse sehemu ya kusahau neno la siri. Kiungo kikija kwenye barua pepe, umepata akaunti yenyewe. Kisipokuja, angalia kwanza kwenye "Spam", kisha jaribu anwani zako nyingine. Waliojiandikisha kwa Apple wakachagua kuficha anwani yao wana kazi ya ziada, kwa sababu kampuni inawajua kwa anwani ya kubuniwa inayoishia na privaterelay.appleid.com, si kwa Gmail yao. Hao ni lazima waingie kwa kitufe cha Apple.

Ukishaingia penyewe, usitafute "Settings". Mambo ya kukatwa pesa huwekwa chini ya maneno kama "Account", "Billing", "Plan" au "Membership". Na kitendo chenyewe si lazima kiitwe "Cancel". Kinaweza kuwa "Manage plan", "Turn off auto-renew", "End membership" au "Switch to Free", na mara kwa mara ni mstari wa maandishi ya kijivu chini ya vitufe vyenye rangi. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F, andika cancel, na kivinjari kitaonyesha neno hilo popote lilipo kwenye ukurasa, hata likiwa dogo kiasi gani. Kwenye Chrome ya simu kazi hiyo iko kwenye nukta tatu, kwa jina "Find in page". Usipopata, rudia kwa renew, kisha kwa plan. Ikishindikana, ingia ukurasa wa msaada wa tovuti na utafute neno hilohilo huko, kwani makala za msaada mara nyingi huwa na kiungo cha moja kwa moja ambacho menyu haikionyeshi.

Kukipata kitufe si kumaliza. Hapa ndipo ukorido wa kurasa unapoanza, na mfano ulio wazi zaidi umefika mahakamani. Mwezi Juni 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Amazon kuhusu huduma yake ya Prime. Mashtaka yalieleza kwamba njia ya kujiondoa ilimpitisha mteja kurasa 4, mibofyo 6 na machaguo 15, na kwamba ndani ya kampuni njia hiyo ilipewa jina la Iliad, utenzi mrefu wa Homeri kuhusu vita vya Troya. Septemba 2025 Amazon ilikubali kumaliza kesi kwa dola bilioni 2.5, ambazo bilioni 1.5 kati yake ni za kuwarudishia wateja. Ilipewa pia sharti la kuweka njia rahisi ya kusitisha. Ujerumani ilikuwa imetangulia: tangu Julai 1, 2022 anayeuza huduma za kujiunga mtandaoni kwa wateja wa huko lazima aweke kitufe cha kusitisha kinachoonekana. Marekani nayo ilitunga kanuni ya namna hiyo Oktoba 2024, lakini mahakama ya rufaa ikaitengua Julai 2025 kabla haijaanza kutumika kikamilifu. Kwa hiyo mteja wa Dar es Salaam au Nakuru anakutana na kurasa ambazo ubora wake hutegemea sheria ya mahali kampuni ilipo na inapouza zaidi.

Ukorido huo una mtindo wake, na ukiujua haukusumbui. Ukurasa wa kwanza unakuorodheshea utakachopoteza. Wa pili unauliza sababu, na mara nyingi hauendelei mpaka uchague moja, chagua yoyote. Wa tatu unakupa punguzo, labda nusu bei kwa miezi 3, au unakuomba upumzishe badala ya kusitisha. Kupumzisha, "Pause", si kusitisha. Muda ukiisha makato yanarudi yenyewe. Kitufe kikubwa chenye rangi kwenye kila ukurasa ni cha kukubakiza, na cha kuendelea kuondoka ni kile kisichovutia. Zingatia maneno, si rangi. Penye "Keep my plan" na "Continue to cancel", cha pili ndicho. Penye maneno yanayozunguka, kama kitufe kimoja cha "Cancel" na kingine cha "Continue", simama usome swali lililo juu yake, kwa sababu "Cancel" hapo huenda ina maana ya kuacha kusitisha.

Watu wengi hufunga ukurasa wakiwa hatua moja kabla ya mwisho. Wanaona maneno ya "tunasikitika kukuona ukiondoka" wanadhani wamemaliza, kumbe chini yake kuna kitufe kingine. Usajili umesitishwa pale unapoona mambo mawili: tarehe ambayo huduma itakwisha, na barua pepe inayothibitisha. Ukirudi kwenye ukurasa wa akaunti unapaswa kukuta maneno kama "Expires on" au "Ends on" pamoja na tarehe. Ukiona bado "Renews on" au "Next billing date", hujasitisha chochote. Piga picha ya skrini ya ukurasa huo ukiwa na tarehe, na uitunze pamoja na barua ya uthibitisho mpaka siku ya makato ipite.

Kuna wakati yote haya hayafanyi kazi. Barua pepe iliandikwa vibaya siku ya maswali, herufi moja imeruka, na risiti zote zimekwenda kwa mtu mwingine au hazikufika popote. Hapo andikia barua pepe ya msaada uliyoipata kwenye risiti au Play Store. Barua iwe fupi na iwe ya Kiingereza, maana anayeisoma huenda yuko Cyprus au Lithuania. Sema kwamba unasitisha usajili kuanzia leo, taja tarehe na kiasi cha kila makato, tarakimu 4 za mwisho za kadi, barua pepe unayodhani ulitumia na ile yenye kosa, kisha omba wakuthibitishie kwa maandishi na kurudisha makato yaliyofanyika baada ya siku hiyo. Tarakimu 4 na kiasi kamili zinawatosha kukupata. Usitume zaidi.

Kuhusu kadi, watu hushauriana kuifunga au kuiacha bila salio, na kwa kadi za mtandaoni ni rahisi kwa kuwa unaweza kuifuta na kutengeneza nyingine. Ni breki nzuri, hasa makato yakiwa kesho na msaada haujajibu. Lakini ina mipaka miwili. Kufunga kadi hakuvunji makubaliano. Kampuni inaweza kuendelea kuhesabu deni na kujaribu tena kila siku chache, kwa hiyo uliyeweka salio wiki ijayo kwa ajili ya jambo lingine unaweza kukuta limekwenda. Pili, kadi mpya ya benki si kinga kamili. Visa na Mastercard zina huduma ya kuwapelekea wauzaji namba mpya ya mteja pale benki yake inaposhiriki, ili malipo ya kujirudia yasikatike. Ukipewa kadi mpya, iambie benki waziwazi kwamba unataka malipo ya muuzaji fulani yazuiwe.

Ikiwa uliwaandikia, una picha ya skrini, na bado wamekata, hapo ndipo unapoenda benki, au kwa mtoa huduma wa kadi yako ya mtandaoni, kuyapinga makato. Nenda mapema, kwa kuwa kuna muda wa mwisho wa kupinga. Benki haitapima kama programu ilikuwa nzuri au mbaya. Itauliza ulisitisha lini na una ushahidi gani, na ile barua fupi yenye tarehe ndiyo itakayojibu. Makato ya kabla ya siku uliyositisha ni magumu zaidi kuyadai, maana kampuni itaonyesha yale maandishi ya kijivu chini ya kitufe na kusema uliyakubali. Kwa waliolipa kupitia Apple ombi la kurudishiwa hupelekwa reportaproblem.apple.com, na kwa Google Play omba ndani ya saa 48 tangu ununuzi, kwani baada ya hapo utaelekezwa kwa mtengenezaji.

Mwisho ni suala la kufuta akaunti. Tangu Juni 30, 2022 Apple inazitaka programu zinazoruhusu kufungua akaunti ziruhusu pia kuifuta humo humo, na wengi wakikiona kitufe hicho wanakitumia kama njia ya mkato ya kuondoka. Usikiguse kabla usajili haujasitishwa. Akaunti ikifutwa wakati pesa inakatwa na Apple au Google, makato yanaendelea kule kwenye duka. Na ikiwa pesa inakatwa na tovuti, umejifungia nje ya mlango pekee uliokuwa na kitufe. Sitisha kwanza, subiri barua ya uthibitisho, acha tarehe moja ya makato ipite bila kukatwa, kisha ufute akaunti na programu pamoja.